Tarakimu ya kwanza iliyomezwa: kisa cha kibodi ya Bluetooth kwenye kaunta ya duka

Mji, jina la duka na aina ya vifaa nimeviacha nje, na kazi za watu wawili watatu nimezigeuza kidogo ili wasijulikane. Mengine ni kama yalivyokuwa. Mimi ndiye fundi niliyeitwa, na sehemu ya kosa ni yangu.

Duka na kaunta yake

Duka ni la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Mfumo wa mauzo unaendeshwa na kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10. Kwa sababu ya vumbi la saruji, boksi la kompyuta limefungiwa ndani ya kabati la bati chini ya kaunta, juu yakabaki skrini, kibodi na kipanya. Nyaya zilikuwa zikinaswa kila siku na pembe za bidhaa, hadi mama mwenye duka akachoka na kununua seti ya kibodi na kipanya vya Bluetooth. Kompyuta haikuwa na Bluetooth yake yenyewe, kwa hiyo mgongoni mwa boksi ikachomekwa adapta ndogo ya USB, zile zisizozidi ukucha wa dole gumba.

Kaunta inashikwa na dada mmoja wa siku nyingi, na kijana anayempokea siku za mapumziko. Wateja nao ni wa aina mbili. Mteja wa taslimu akifika, keshia anabonyeza F2 na risiti mpya inafunguka. Mteja wa akaunti ni mkandarasi anayechukua mzigo leo na kulipa mwisho wa mwezi. Jina lake limebandikwa kwenye skrini: keshia analibofya kwa kipanya, anabofya picha ya bidhaa, ndipo anapogusa kibodi kuandika idadi. Tofauti hiyo ya nani anaguswa kwanza, kibodi au kipanya, nilichelewa sana kuitilia maanani.

"Kibodi hii nzito"

Nilipofika mara ya kwanza, dada alinionyesha bila maneno mengi. Alibonyeza F2, kimya. Akabonyeza tena, risiti ikafunguka. "Umeona, kaka? Ni nzito. Ile ya waya ilikuwa inaitika hapo hapo." Kipanya nacho kilikuwa na lake: mshale ulikuwa ukiruka, unaganda kidogo kisha unatokea mbele zaidi.

Kabla yangu walikuwa wamebadilisha betri mara mbili, na fundi mwingine alikuwa amewaambia ni virusi. Mama mwenye duka alikuwa na swali moja: "Mwanangu, hivi visivyo na waya si ndiyo vinachelewa vyote?"

Swali hilo lilihitaji kupimwa, maana lina ukweli nusu. Kibodi ya waya haisukumi herufi mara tu unapobonyeza. Inasubiri iulizwe. Kompyuta hupita kila baada ya milisekunde 8 au 10, kwa kibodi za bei ya kawaida, kuuliza kama kuna jipya, kwa hiyo kitufe husubiri kwa wastani milisekunde 4 au 5. Kibodi za wacheza gemu huulizwa kila milisekunde 1. Bluetooth LE, ile ya kutumia umeme kidogo, nayo huenda kwa miadi: kibodi na kompyuta hupatana wakutane hewani kila baada ya muda fulani, na kwa miaka mingi muda mfupi kabisa ulioruhusiwa umekuwa milisekunde 7.5. Niliiunganisha kibodi ya duka na laptopu yangu yenye Linux, nikafungua `btmon`, programu inayoonyesha mazungumzo ya Bluetooth, nikaona walivyopatana:

```
LE Connection Update Complete (0x03)
  Status: Success (0x00)
  Connection interval: 15.00 msec (0x000c)
  Connection latency: 30 (0x001e)
  Supervision timeout: 4000 msec (0x0190)
```

Miadi ni kila milisekunde 15, maana yake kitufe husubiri kwa wastani milisekunde 7.5, na kikibonyezwa wakati mbaya kabisa, 15. Ukilinganisha na waya wa kawaida, tofauti ya wastani ni kama milisekunde 3. Skrini yao ya 60 Hz hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Hakuna keshia duniani atakayeihisi hiyo tofauti kwenye F2.

Mstari wa `Connection latency: 30` huwatisha watu, wakidhani ndio kiasi cha kuchelewa. Sivyo. Ni ruhusa: kibodi ikiwa haina cha kusema, inaweza kuruka miadi 30 mfululizo na kulala ili itunze betri. Ikiwa na cha kusema, inahudhuria miadi inayofuata kama kawaida. Anayesubirishwa ni kompyuta inapotaka kuiambia kibodi jambo, na hapo kungoja kunaweza kufika miadi 31, yaani milisekunde 465. Ndiyo maana kwenye kibodi kama hizi taa ya Caps Lock inaweza kuwaka kwa kujivuta ilhali herufi zinaingia bila shida.

Mshale wa kipanya ulikuwa hadithi nyingine, na rahisi. Adapta ilikuwa nyuma ya boksi la chuma, ndani ya kabati la bati lililofungwa. Pakiti isipofika, Bluetooth huituma tena, na mara nyingi marudio hayo husubiri miadi ijayo. Zikipotea tatu mfululizo mshale umekwisha kusimama kiasi cha jicho kuona. Hapa watu husema "kisicho na waya kinachelewa", na wana haki, ila aliyechelewesha ni bati.

Ziara ya kwanza: nilichoamua na kwa nini

F2 isiyoitika haikuwa kuchelewa. Kitu kilichochelewa hufika. Hiki hakikufika kabisa, na dada alikuwa akibonyeza mara ya pili kabla ya kujiuliza cha kwanza kimekwenda wapi.

Nilifungua Notepad nikafanya jaribio ambalo hadi leo ndilo ninaloanza nalo. Naacha kibodi bila kuigusa kwa muda ninaoujua, kisha naandika 1234567890 kwa mwendo wa keshia, nahesabu zilizofika. Bila kusubiri, kumi zote. Baada ya sekunde tano, kumi zote. Baada ya nusu dakika, mara nyingi mstari ulianza na 2. Wakati huo wote ukurasa wa Bluetooth wa Windows uliendelea kuandika `Connected`. Kibodi ile ile kwenye laptopu yangu, baada ya nusu dakika, haikupoteza kitu.

Kibodi ni moja, kompyuta ni mbili, tatizo liko kwenye moja tu: basi aliyelala ni adapta ya dukani. Windows ina desturi ya kukilaza kifaa cha USB kisicho na kazi, na kifaa kinatakiwa kizinduke data inapokuja bila kudondosha kitu. Adapta hii ilizinduka, lakini kilichokuja wakati inajinyoosha kilipotea. Linux ina desturi hiyo hiyo. Kwenye laptopu yangu nilishaizima zamani kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/modprobe.d/`:

```
options btusb enable_autosuspend=n
```

Dukani nilifungua Device Manager, nikaenda kwenye adapta ya Bluetooth, kichupo cha Power Management, nikatoa alama kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Nikarudia jaribio: nusu dakika, dakika moja, kumi zote zimefika. Kisha nikashughulikia mshale: nikaitoa adapta mgongoni, nikaichomeka kwa waya mfupi wa kuongezea kwenye tundu la mbele, na kuipitisha kwenye upenyo wa kabati hadi chini ya ubao wa kaunta. Mshale ukatulia. Nikakunja mkoba.

Kesho yake asubuhi simu: F2 imerudi ile ile.

Nilikuwa nimejichongea mwenyewe. Ile alama inashikamana na kifaa kama Windows inavyokitambua, na adapta za bei rahisi nyingi hazina namba yake ya pekee. Ukiihamishia tundu jingine, Windows inaiona kama kifaa kipya na kuirudishia mipangilio ya mwanzo. Mimi nilitoa alama kwanza, nikahamisha adapta baadaye, wala sikurudia jaribio baada ya kuhamisha. Safari hii nilizima kwenye mpango mzima wa umeme, ili atakayehamisha adapta kesho asirudishe tatizo:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT 2a737441-1930-4402-8d77-b2bebba308a3 48e6b7a6-50f5-4782-a5d4-53bb8f07e226 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Asiyependa namba ndefu ataikuta kwenye Power Options, mipangilio ya ndani, `USB selective suspend setting`, aiweke `Disabled`. Kompyuta ya mezani iliyo kwenye umeme muda wote haipotezi chochote cha maana. Nikatoa ile alama pia kwenye tundu jipya. Siku hiyo F2 ilianza kuitika, dada akafurahi, akasema bado mara moja moja inakataa ila si kama zamani. Nililisikia neno "mara moja moja" na nikaliacha lipite.

Wiki tatu baadaye

Mama mwenye duka alinipigia si kwa ajili ya kibodi. Aliuliza kama mfumo unaweza kuonyesha nani alifuta kitu. Hesabu ya stoo haikulingana na mauzo, na pengo lilikuwa kwenye zamu za kijana tu. Alikuwa ameshaamua, kwa namna anavyoongea mtu aliyeamua, kwamba huyo mtoto atafute kazi nyingine.

Hakuna kilichokuwa kimefutwa. Lakini mlinzi wa stoo huandika kila mzigo unaotoka kwenye daftari kwa mkono, kwa hiyo tuliliweka daftari kando ya skrini na kupita mstari kwa mstari. Daftari: mifuko 15 ya saruji. Mfumo: 5. Daftari: mabati 12. Mfumo: 2. Daftari: nondo 24. Mfumo: 4. Tulipofika ya nne mama alinyamaza, akavuta kiti.

Mwizi hachagui kila mara tarakimu ya kwanza. Tena makosa yote yalikuwa kwenye bidhaa ya kwanza ya risiti, hakuna hata moja kwenye ya pili au ya tatu, na yote yalikuwa ya wateja wa akaunti. Mteja wa taslimu hulipa pale pale na jumla ikipungua keshia anashtuka. Wa akaunti anapakia na kuondoka, na hakuna anayetazama shilingi hadi mwisho wa mwezi.

Nilirudia jaribio langu, na mara hii nilikaa. Dakika tano, kumi zote. Dakika kumi, kumi zote. Kwenye kumi na mbili ukurasa wa Bluetooth ukabadilika kutoka `Connected` kuwa `Paired`. Niliandika 1234567890, kukawa kimya cha kama sekunde moja, kisha zikatokea 34567890. Nikaiunganisha na laptopu, ambako adapta hailali, nikasubiri tena, na `btmon` ikataja aliyekata:

```
HCI Event: Disconnect Complete (0x05)
  Status: Success (0x00)
  Reason: Remote User Terminated Connection (0x13)
```

`0x13` maana yake upande wa pili umeaga wenyewe. Mawasiliano yangekatika kwa kupotea hewani ingesomeka `0x08`. Kwa hiyo kibodi ndiyo iliyokata mawasiliano ili ilale usingizi mzito, na hakuna mpangilio wa Windows unaoweza kuikataza. Uamuzi huo umo ndani ya kibodi.

Hapa palikuwa na magonjwa mawili yenye dalili moja. Usingizi mwepesi wa adapta hukuta mtu ndani ya dakika moja, na kugusa kipanya kunauondoa, kwa sababu kipanya kinapita kwenye adapta hiyo hiyo. Usingizi mzito wa kibodi huja baada ya dakika nyingi, na kipanya hakiufanyi lolote. Keshia anaweza kuwa anapekua ripoti kwa kipanya robo saa nzima, kompyuta iko macho, adapta iko macho, kibodi pekee imelala. Mkandarasi anaingia, jina linabofywa, picha ya saruji inabofywa, halafu tarakimu ya kwanza ya idadi inakwenda kuamsha kibodi badala ya kuandikwa.

Kwa nini zamu za kijana tu? Nilimwomba dada auze mfuko wa kujifanya huku natazama mikono yake, si skrini. Kabla ya kila idadi, kidole chake cha kushoto kiligonga Shift mara mbili. Nilipomuuliza alicheka, hakujua kama anafanya hivyo. Alijizoesha siku za F2 isiyoitika. Kijana hakuwa na mazoea hayo, na hakuna aliyemfundisha kwa sababu hakuna aliyejua kuwa kuna cha kufundisha. (Mwenye kutaka kufanya hivyo agonge Ctrl. Shift ikigongwa mara tano mfululizo, Windows inaleta dirisha la Sticky Keys, na dirisha hilo nalo litameza kitu.)

Tulichoamua, na matokeo

Mama alitaka anunue kibodi nyingine isiyo na waya, ya bei zaidi. Nilimshauri asinunue ya kaunta. Zipo kibodi za Bluetooth zinazohifadhi vitufe vya mwanzo hadi mawasiliano yarudi, kisha zikavituma vyote kwa mpangilio, lakini sijaona boksi linaloandika sifa hiyo nje. Kuna pia zinazokuja na adapta yake ya gigahezi 2.4, ambazo nyingi hurudi haraka zaidi. Kwa kazi ambayo tarakimu moja ni mifuko kumi ya saruji, sikutaka kubahatisha.

Tuliweka kibodi ya waya, bei yake chini ya mifuko mitano ya saruji. Waya wake ulikuwa mita 1.5, tukaongezea mita moja ili utoke kabatini na kupita chini ya ubao, mbali na pembe za mabati. Kibodi za namna hii nyingi ni za USB ya mwendo mdogo, na waya wake kwa jumla hautakiwi kuzidi mita 3, kwa hiyo sikuongeza zaidi. Kipanya kilibaki cha Bluetooth. Nacho kinalala vile vile na kinapoteza mwanzo wake vile vile, ila mtu hushika kipanya na kukisogeza kabla ya kubofya, na kilichopotea ni sentimita moja ya safari ya mshale.

Aliyetengeneza mfumo aliombwa jambo moja: risiti ya mteja wa akaunti isifungwe hadi idadi zionyeshwe kwa herufi kubwa na keshia azikubali. Mwezi uliofuata daftari la stoo na mfumo vililingana kwa wateja wa akaunti. Kijana yuko kaunta bado.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichosaidia kuliko yote ni kubadilishana pande: kibodi moja kwenye kompyuta mbili. Bila hilo ningeendelea kulaumu betri. Kutazama neno `Connected` likigeuka `Paired` nako hakuhitaji chombo chochote, na kunatenganisha usingizi mwepesi na mzito kwa uhakika wa kutosha kwa kazi za kila siku.

Kosa langu kubwa lilikuwa muda. Nilijaribu hadi dakika moja, nikapata tatizo, nikalitibu, nikadhani nimemaliza, kwa sababu dawa ilipunguza dalili. Ugonjwa uliobaki ulitokea mara chache zaidi, na kwa hiyo ukawa wa hatari zaidi: F2 iliyomezwa inajulikana papo hapo, lakini 15 iliyogeuka 5 ni idadi halali isiyomshtua mtu. Siku hizi jaribio langu lina vituo vitatu: nusu dakika bila kugusa kipanya, nusu dakika kwa kutikisa kipanya kwanza, na dakika ishirini kamili, hata kama mwenye duka ananitazama kama mvivu.

Ninapotaka kuthibitisha, naongeza kubonyeza kwa muda mrefu. Kibodi haitumi herufi, inatuma hali ya vitufe: hiki kimeshuka, hiki kimepanda. Ukigonga 1 na kuachia kabla mawasiliano hayajarudi, kibodi isiyohifadhi kitu inaripoti inachokiona wakati huo, yaani hakuna kitufe kilichoshuka. Ukiishikilia 1 sekunde mbili, tarakimu inatokea, imechelewa lakini imefika. Kibodi ya duka ilifanya hivyo kila mara, na hapo ndipo mama mwenye duka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliponiomba nisogee ajaribu mwenyewe.

Kibodi ya Bluetooth alikwenda nayo nyumbani. Anaandikia barua za benki, na juzi alinitumia moja niikague: ilianza na "wa Meneja".